Ekskaveta ya Zamani Ikiuzwa, Kodi Inakatwa Wapi?

Mwenye kampuni ya kukodisha mitambo ya ujenzi anapofikiria kubadilisha ekskaveta, jambo la kwanza anamuuliza mhasibu wake: nikiiuza hii ya zamani, napata faida au hasara? Mhasibu anafungua vitabu. Mtambo ulinunuliwa miaka minne iliyopita kwa shilingi milioni 300. Vitabu vinauchakaza kwa kiasi kilekile kila mwaka kwa muda wa miaka minane, kwa hiyo leo una thamani ya milioni 150. Mnunuzi aliyejitokeza anatoa milioni 120. Hasara ya milioni 30. Mwenye mali anatikisa kichwa, mnunuzi anakwenda zake, na mtambo unaendelea kunywa dizeli na kula vipuri.

Hesabu ya mhasibu ni sahihi, ila haijibu kilichopaswa kuulizwa. Milioni 300 zilishatoka na hazirudi, mtambo uuzwe au usiuzwe. Kinachobadilika kutokana na uamuzi wa leo ni fedha za kuanzia leo: bei ya mtambo mpya, bei ya kuuzia wa zamani, gharama za uendeshaji zitakazopungua, na kodi ya mapato. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) haisomi uchakavu kwenye kitabu kile anachokisoma mhasibu.

Katika kutafuta faida inayotozwa kodi, uchakavu wa vitabuni hurudishwa wote kwenye faida, kisha badala yake linatolewa punguzo la uchakavu lililowekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, katika Jedwali lake la Tatu. Mali zimegawanywa humo kwa madaraja. Mitambo ya ujenzi na ya kuchimba udongo iko daraja la kwanza, pamoja na kompyuta, magari madogo, mabasi ya abiria chini ya 30 na malori yanayobeba chini ya tani 7. Kiwango cha daraja hilo ni asilimia 37.5 kwa mwaka, na hukatwa kwenye salio lililobaki, si kwenye bei ya awali. Ndiyo maana ekskaveta yetu ya milioni 300, ambayo vitabuni bado ni milioni 150, kwa hesabu ya kodi imebaki na kama milioni 46 tu baada ya miaka minne. Ukiiuza milioni 120, vitabu vinasema umepata hasara ya milioni 30, na macho ya kodi yanaona ziada ya milioni 74.

Hapo ndipo wengi hushtuka: kumbe nitatozwa asilimia 30 ya ziada hiyo, zaidi ya milioni 22, kwa kuuza chuma chakavu? Vitabu vingi vya masomo ya fedha vinafundisha hivyo hasa: chukua bei ya kuuzia, toa thamani iliyobaki kwa hesabu ya kodi, tofauti itoze kodi papo hapo. Kwa Tanzania, kwa mali za daraja hili, mara nyingi mambo hayaendi hivyo, na tofauti yake inaweza kugeuza uamuzi.

Sababu ni kwamba sheria yetu haifuatilii mtambo mmoja mmoja. Mali zote za daraja moja zinazomilikiwa na mfanyabiashara mmoja huwekwa katika fungu moja, na kinachofuatiliwa ni salio la fungu. Kila mwaka unachukua salio la mwanzo, unaongeza bei ya mali zilizonunuliwa ndani ya mwaka, unatoa fedha zilizopatikana kwa kuuza mali za fungu hilo, kisha kinachobaki unakikata asilimia 37.5. Hiyo ndiyo hesabu yote. Mtambo uliouzwa ulikuwa wa mwaka gani, ulibaki na thamani gani peke yake, hakuna anayeuliza.

Tuichukue kampuni ya mfano. Fungu lake la daraja la kwanza lina salio la shilingi milioni 70: milioni 46 za ekskaveta, na zilizobaki ni za pikapu na kompyuta za ofisini. Mtambo mpya ni milioni 400 na wa zamani unauzwa milioni 120, bei zote bila VAT. Vyote vinafanyika mwanzoni mwa mwaka mmoja. Fungu linakuwa 70, kuongeza 400, kutoa 120, yaani milioni 350. Punguzo la mwaka ni asilimia 37.5 ya hizo, milioni 131.25. Kama kampuni isingebadilisha mtambo, fungu lingebaki 70 na punguzo lingekuwa milioni 26.25. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni milioni 105 kamili.

Milioni 105 hizo ni asilimia 37.5 ya milioni 280, na milioni 280 ni bei ya mtambo mpya ukitoa bei ya wa zamani. Kwa hiyo uamuzi wa kubadilisha umeongeza kwenye fungu kile tu ulichotoa mfukoni. Kodi ya mauzo ya mtambo wa zamani haijafutwa. Imejificha ndani ya fungu, kwa kuwa zile milioni 120 zimepunguza salio ambalo lingekuletea punguzo miaka ijayo. Serikali itaipata polepole, kipande kila mwaka, bila ankara inayosema “kodi ya kuuza ekskaveta”.

Sasa nafuu yenyewe. Punguzo la milioni 105 si milioni 105 mkononi. Uchakavu hautoi fedha wala hauingizi fedha. Kazi yake ni kushusha faida inayotozwa. Kampuni inayolipa asilimia 30 inaokoa milioni 31.5 za kodi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili salio la zile 280 limeshuka hadi 175, nafuu ni milioni 19.7. Inafuata 12.3, kisha 7.7, kisha 4.8 mwaka wa tano. Baada ya hapo mkia mwembamba unaendelea, kwa sababu fungu linalokatwa kwa salio halimaliziki kwa kukatwa tu. Ukijumlisha zote mpaka mwisho wa mkia unapata milioni 84, yaani asilimia 30 ya 280.

Namba hiyo ya 84 ina matumizi mazuri: ni dari. Mhasibu au muuza mitambo akikuletea karatasi inayoonyesha nafuu ya kodi ya milioni 120, ujue amechukua asilimia 30 ya milioni 400 na kusahau kwamba mtambo wa zamani umetoka kwenye fungu. Nimeona karatasi za namna hiyo zikipitishwa mezani na kila mtu akitingisha kichwa kukubali.

Lakini hata 84 si thamani yake ya leo, maana zinakuja kwa miaka mingi. Tuseme fedha za kampuni hii zinagharimu asilimia 15 kwa mwaka, na nafuu ya kila mwaka tunaihesabu mwishoni mwa mwaka. Kwa fungu linalokatwa kwa salio ipo njia fupi ya kupata jumla ya thamani ya leo: zidisha kiwango cha kodi kwa kiwango cha uchakavu, kisha gawa kwa jumla ya kiwango cha uchakavu na gharama ya fedha.

0.30 × 0.375 ÷ (0.375 + 0.15) = 0.2143

Maana yake, kila shilingi 100 inayoingia kwenye fungu la daraja la kwanza inakurudishia kama shilingi 21 na senti 40 za leo, si 30. Na kila shilingi 100 unayopata kwa kuuza mtambo inakukata shilingi 21 na senti 40 hizohizo. Kwa milioni 280, nafuu ni milioni 60 za leo. Ekskaveta mpya, baada ya kuuza ya zamani na kuhesabu kodi, inakugharimu milioni 220.

Je, inalipa? Hapo kodi inabidi ikae pembeni kidogo, maana jibu linatoka kwanza kwenye matope. Mtambo wa zamani unatumia lita 5 za dizeli zaidi kwa saa kuliko mpya. Kwa saa 1,800 za kazi kwa mwaka ni lita 9,000, na dizeli tukiikadiria shilingi 3,000 kwa lita, ni milioni 27. Matengenezo, hasa pampu ya haidroliki na minyororo ya kutembelea, yatapungua kwa milioni 33. Siku ambazo mtambo umelala gereji huku mteja akikodi kwa jirani tunazikadiria milioni 20. Jumla ya akiba ni milioni 80 kwa mwaka. Sehemu ya mwisho ndiyo inayopikwa zaidi kuliko zote, na ukitaka kujua kama imepikwa omba daftari la saa za mtambo. Kama hakuna daftari, namba hiyo imetoka kichwani.

Akiba nayo inatozwa kodi, kwa kuwa gharama zikipungua faida inapanda. Katika milioni 80 zinabaki milioni 56. Kwa miaka mitano, kwa asilimia 15, thamani yake ya leo ni milioni 187.7.

Mwishoni kuna bei ya kuuzia. Baada ya miaka mitano mtambo mpya utauzika milioni 160. Wa zamani, kama ungeendelea kuwekwa, ungeuzika milioni 40. Uamuzi wa leo unaleta tofauti ya milioni 120 wakati huo. Kampuni ikiwa bado kazini na ikanunua mtambo mwingine mwaka huohuo, milioni 120 zinapunguza fungu kama tulivyoona, na gharama yake ni milioni 25.7. Zinabaki milioni 94.3 za wakati huo, ambazo leo ni milioni 46.9.

Weka pamoja: kutoa 280, kuongeza 60 za nafuu, 187.7 za akiba, na 46.9 za mauzo ya mwisho. Kubadilisha kunaiongezea kampuni milioni 14.6 za leo. Inalipa, lakini kwa kamba nyembamba. Akiba ya mwaka ikishuka kutoka milioni 80 hadi chini ya 74, uamuzi unageuka.

Kwa kuwa kamba ni nyembamba hivyo, angalia makosa ya kodi yanavyoweza kuikata. Aliyekata kodi kwenye akiba lakini akasahau uchakavu kabisa, na asiitoze kodi bei ya mwisho, anapata hasara ya milioni 32.6 na kuukataa mpango mzuri. Aliyehesabu uchakavu wa milioni 400 nzima anapata faida ya milioni 40. Na aliyepuuza kodi yote anapata karibu milioni 48, kisha anaanza kujadiliana bei na muuzaji akiwa na ujasiri ambao hesabu haumpi.

Kuna jambo jingine, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote kwa sababu halihitaji kikokotoo. Ni tarehe.

Fungu letu lilikuwa na milioni 70, na mtambo uliuzwa milioni 120. Fungu halikuzama kwa sababu milioni 400 ziliingia mwaka huohuo. Sasa tuseme mnunuzi ana haraka, ekskaveta inauzwa Desemba, na mpya inafika bandarini na kuanza kazi Januari. Kwa kampuni inayofunga hesabu Desemba 31, hiyo ni miaka miwili tofauti ya mapato. Mwaka wa mauzo fungu lina 70 na limetolewa 120. Haliwezi kuwa chini ya sifuri. Ziada ya milioni 50 inaingizwa moja kwa moja kwenye mapato ya mwaka huo na kutozwa kodi, milioni 15. Pamoja na hayo, hakuna tena salio la kukata, kwa hiyo punguzo la milioni 26.25 ambalo pikapu, kompyuta na ekskaveta vingeleta limepotea mwaka huo.

Linganisha na kampuni ambayo mtambo wake mpya umeanza kazi kabla Desemba haijaisha. Punguzo halikatwi kwa miezi mali iliyotumika. Hukokotolewa kwa salio la mwisho wa mwaka wa mapato, hivyo hiyo inapata milioni 131.25 zote. Wa kwanza ameongezewa mapato milioni 50, wa pili amepunguziwa milioni 131.25. Pengo la faida inayotozwa ni milioni 181.25, na la kodi ya mwaka huo ni zaidi ya milioni 54, kwa mtambo uleule, bei ileile, wiki chache tu katikati. Sehemu kubwa ya pengo hilo hurudi miaka inayofuata, kwa kuwa fungu la wa kwanza litakuwa kubwa zaidi. Ila milioni 54 zinazotakiwa mwaka huohuo uliolipa mtambo wa milioni 400 ni msukosuko ambao kampuni nyingi ndogo haziwezi kuubeba.

Mtego unaofanana na huo uko kwenye madaraja. Mwenye lori la tani 5 akiliuza na kununua lori zito, anadhani amebadilisha lori kwa lori. Kisheria lori dogo limetoka fungu la daraja la kwanza, na lori zito limeingia daraja la pili lenye kiwango cha asilimia 25. Mauzo yanazamisha fungu moja, ununuzi unakwenda kuneemesha fungu jingine, na kinga ile ya kufanya vyote mwaka mmoja haipo tena. Kiwango kikiwa 25, ile njia fupi inatoa shilingi 18 na senti 75 kwa kila 100, badala ya 21 na senti 40.

Anayefunga biashara naye hesabu yake ni nyingine. Akiuza kila kitu kilichomo kwenye fungu, fungu linavunjwa na kusawazishwa: ziada inatozwa, upungufu unapunguza mapato. Kampuni yetu ikiacha kazi baada ya miaka mitano, fungu litakuwa limebaki na kama milioni 33 huku mtambo ukiuzwa 160. Hapo ndipo kodi ile ya vitabu vya masomo inakuja kweli, papo hapo. Thamani ya kubadilisha mtambo inashuka kutoka milioni 14.6 hadi kama milioni 10 na nusu. Si anguko kubwa, lakini kwa mwenye mpango wa kustaafu ni namba ya kuijua.

Haya yote yamesimama juu ya sharti moja: kampuni ina faida ya kutozwa. Iliyo kwenye hasara haipati nafuu yake mwaka huo. Punguzo linakuza hasara inayobebwa kwenda mbele, na kila mwaka wa kusubiri unaila thamani yake. Lakini usikimbilie kusema kwamba mtambo haumfai mwenye hasara, kwa sababu akiba yake ya milioni 80 nayo haikatwi kodi kwa wakati huo. Lazima abadilishe pande zote mbili za hesabu; kufuta nafuu na kuacha kodi kwenye akiba ni kujiadhibu bure. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa kiwango cha mauzo, bila kuangalia faida, hana nafuu ya uchakavu kabisa, na kwake hesabu ni ya bei, dizeli na vipuri tu.

Wasomaji wa Kenya wasichukue viwango hivi kama vyao. Huko mitambo mizito ya kuchimba udongo hupewa asilimia 25, kwa sheria yao na utaratibu wao. Na kwa Tanzania pia, wenye viwanda wana punguzo la awali la asilimia 50 kwa mashine zilizofungwa kiwandani, jambo linalobadilisha mwendo wa nafuu mwaka wa kwanza. Ekskaveta ya kukodisha haimo humo.

Kama una mtambo unaotaka kuubadilisha, kabla ya kusaini mkataba wa kuuza muulize mhasibu wako mambo mawili. Salio la fungu lenye mtambo huo lilikuwa shilingi ngapi mwanzoni mwa mwaka, kwa mujibu wa ritani ya kodi na si vitabu vya kampuni? Na mtambo mpya utaanza kazi lini? Bei ya mnunuzi ikizidi salio hilo na mtambo mpya hauanzi kazi kabla ya mwaka wako wa mapato kufungwa, mwombe mnunuzi asubiri, au mharakishe muuzaji.